Kinyongo cha Hatua Sita

Bi Daftari hakuwa na daftari. Jina hilo alipewa na wenzake wa maabara ya hospitali kwa sababu ukimkosea leo, miaka kumi baadaye atakutajia siku, saa, na rangi ya soksi ulizovaa. Kazi yake ilikuwa kuosha slaidi, vile vipande vya kioo ambavyo wataalamu hupaka usaha na makohozi kisha huvitazama kwa hadubini. Wao wakishaona, yeye huosha walichokiona. Miaka kumi na sita. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kama vya mtu aliyetolewa kisimani.

Siku moja ikabandikwa barua mlangoni. Kila mfanyakazi wa maabara asiye na cheti atafanya mtihani wa vitendo na wa mdomo. Atakayefaulu atakuwa msaidizi wa maabara. Atakayefeli atapumzishwa.

"Atapumzishwa," Bi Daftari alisoma kwa sauti. "Utafikiri tumelalamika usingizi."

"Labda wana nia njema," alisema Kipara.

Kipara alikuwa mbeba sampuli, mtu wa kusukuma kitoroli kutoka wodini hadi maabara, mpole kiasi kwamba mtu akimkanyaga yeye ndiye anayeomba radhi. Walikuwa wawili tu wasio na cheti. Wengine waliondoka zamani, mmoja mmoja, na Bi Daftari aliweza kukutajia nani alimwondoa nani.

Walipewa majuma matatu na mkufunzi, mwanamama nadhifu aliyewafundishia stoo, katikati ya maboksi ya mirija. Mkufunzi hakuwa mtu mbaya. Tatizo lake lilikuwa kwamba kila kitu alichokijua alikijua kwa herufi.

"Hatua za seli kugawanyika," alisema siku ya kwanza. "Profase, metafase, anafase, telofase. Mnakumbuka hivi: Panya Mkubwa Amekula Tambi. Pe, me, a, te. Tamkeni."

Wakatamka. Kipara akatabasamu kama mtu aliyepewa peremende.

"Sasa rangi. Kupaka slaidi rangi ili tutofautishe bakteria. Mnajua chupa ni nne, na kati ya moja na nyingine mnasuuza kwa maji. Zambarau, ayodini, spiriti, safranini. Zimwi Alikula Sabuni Saba."

"Samahani mwalimu," alisema Bi Daftari. "Sabuni ndiyo spiriti au ndiyo safranini?"

"Sabuni ni spiriti. Saba ni safranini."

"Na nikisema saba sabuni?"

"Huwezi kusema saba sabuni."

"Mimi siwezi. Kipara anaweza."

Kipara akaweza. Siku ya tatu alipaka slaidi yake zambarau, akatia ayodini, akamwagia safranini, halafu akamalizia na spiriti kwa mkono mkunjufu. Spiriti kazi yake ni kung'oa rangi, na safranini haikuwa na chochote cha kujishikia, basi ikatiririka yote kwenye sinki na wekundu wake. Mkufunzi alitazama kwenye hadubini kwa muda mrefu. Akasema bakteria walioshika zambarau wanaonekana, lakini wale waliotakiwa kuwa wekundu wamebaki weupe kama hawajazaliwa.

"Zimwi limenichanganya," alisema Kipara.

Bi Daftari naye hakuwa na la kujivunia. Panya alikaa kichwani hadi wakati wa chai, kisha akatoroka na tambi zake. Nyumbani dada yake alimshikia karatasi na kumuuliza mara ishirini. Ya ishirini na moja akaanza na tambi.

"Wewe si ndiye unayekumbuka nilikula mguu wa kuku wako tukiwa darasa la pili?" dada aliuliza.

"La tatu. Na lilikuwa paja."

"Sasa hayo manne yanakushindaje?"

"Hayajanikosea chochote."

Alipokwisha kulisema, akanyamaza. Akaichukua karatasi mkononi mwa dada, akaiweka chini. Dada yake, aliyeishi na mwanamke huyu miaka yote na akajua ule ukimya una maana gani, akasogeza vikombe mbali.

Kesho yake Bi Daftari alimvuta Kipara nyuma ya stoo, mbele ya sinki lake la kuoshea, akapanga chupa.

"Kichwa changu hakishiki herufi," alisema. "Kinashika ubaya. Kwa hiyo nimekipa kazi ya ubaya. Wewe una kinyongo na nani?"

Kipara alifikiri kwa uaminifu. "Sina na mtu, Bi Daftari."

"Hata Mkuu?"

"Mkuu ana presha."

"Haya. Nitakuazima changu. Lakini usikiharibu, nimekitunza miaka kumi na minne."

Mkuu alikuwa mkuu wa maabara, wakati ule na hata sasa, amebakiza majuma machache astaafu. Miaka kumi na minne nyuma, Bi Daftari na waoshaji wenzake watano walimwandikia barua wakiomba glavu, kwa sababu walikuwa wanaosha makohozi ya watu kwa mikono mitupu. Wakaitwa.

"Kwanza," alisema Bi Daftari, akipaka tone la bakteria wa mazoezi kwenye kioo na kukiacha mezani, "alituanika uani. Saa nzima, jua la utosi, tusiingie wala tusiondoke. Hatua ya kwanza ni nini?"

"Kukausha hewani."

"Usiharakishe. Sisi hatukuharakishwa. Pili, akatoka akiwa moto. Alitupayukia mara tatu: mara ya kwanza wajinga, mara ya pili wachochezi, mara ya tatu akakosa neno akarudia wajinga." Akapitisha kioo juu ya mwali wa taa ya spiriti mara tatu, upesi upesi. "Mara tatu. Hapo tukagandia palepale tulipo. Na bakteria ndivyo, moto unawabandika kwenye kioo wasiondoke na maji."

"Hiyo nimeiona," alisema Kipara, na kweli uso wake ulikuwa umeiona.

"Tatu, akachukua muhuri. Wino wa zambarau. Barua za onyo sita, ga, ga, ga, dakika nzima." Akamwaga rangi ya zambarau, akaiacha dakika nzima. "Wote sita tukawa zambarau, hakuna aliyebaguliwa. Tangu hapo, kila baada ya hatua, sekretari wake, mama wa watu, alikuwa anatuletea maji. Usisahau maji ya sekretari." Akasuuza.

"Nne. Barua yetu ya glavu ilikuwa mezani. Yeye alikuwa anakunywa chai ya rangi, kali, kahawia kama hii." Akainua chupa ya ayodini. "Akachukua kikombe akakikandamiza juu ya barua yetu. Juu ya jina langu. Hakukiondoa mpaka tumetoka. Barua ikashikwa pale. Ayodini nayo haileti rangi mpya, inaikamata ile zambarau ndani ya bakteria isitoke. Inashikisha. Dakika moja, maji.

"Tano, akaingia naibu wake. Unamkumbuka naibu?"

"Aliyekuwa ananuka gongo?"

"Spiriti yenyewe. Sekunde chache tu, Kipara, usizidishe. Akatunong'oneza mmoja mmoja: wewe kana, utasamehewa. Wale ambao moyo wao haukushika vizuri wakatoka rangi palepale. Wanne. Wakasema barua hawaijui. Tukabaki zambarau wawili, na mwenzangu alihamishwa mwezi uliofuata. Spiriti inawajaribu. Walioshikiliwa wanabaki, wengine wanasafishika weupe. Maji haraka, kabla haijawamaliza na wale wagumu.

"Sita, kalamu nyekundu. Wale wanne walifikiri wameponea. Mkuu akafungua mafaili yao akawaandikia kwa wekundu, wa kuangaliwa. Mimi nilishakuwa zambarau, wekundu juu yangu hauonekani. Safranini. Maji. Kausha. Imekwisha."

Kipara alitazama kile kioo. "Kwa hiyo wekundu ni wale waliokana."

"Walikana na bado wakaandikwa."

"Na glavu?"

"Glavu zililetwa mwaka uliofuata, boksi moja. Likawekwa ofisini kwake."

Kipara hakukosea tena. Tena alianza kuipaka slaidi akiwa amekunja uso, jambo ambalo mkufunzi hakuwahi kuliona. Bi Daftari akanogewa. Seli kugawanyika akaipa mgawanyiko wa chama cha wafanyakazi: profase, watu waliokuwa wametawanyika kama nyuzi wanajikunja na kunenepa mpaka wanaonekana, metafase, wanapanga mstari katikati ya uwanja, anafase, wanavutwa nusu huku nusu kule, kila upande unadai ndio chama, telofase, kila kundi linajenga ukuta wake na kununua muhuri wake. Mkufunzi alisikia kutoka mlangoni. Alitaka kukasirika, akajikuta anarudia kimoyomoyo.

"Kuna neno la uchochezi pale kwenye anafase," alisema hatimaye.

"Lakini mpangilio?"

"Mpangilio uko sawa."

Mtihani ulikuwa Ijumaa. Jumatano Mkuu alimwita ofisini.

Bi Daftari aliingia akiwa tayari kwa vita na akakuta maboksi. Mzee alikuwa anafungasha. Alikuwa amepungua, kola ya shati ilimzunguka shingo bila kuigusa. Mkononi alishika karatasi iliyogeuka njano, na juu ya karatasi duara la kahawia.

"Hii nimeikuta kwenye faili," alisema. "Ni jina lako hapa chini ya doa, sivyo?"

"Ni langu."

"Nilikuwa na hasira siku ile. Kuweka kikombe juu ya jina la mtu..." Akatikisa kichwa. "Haikuwa adabu. Nisamehe, mama."

Hakuna aliyekuwa amemwandaa Bi Daftari kwa jambo hili. Miaka kumi na minne alikuwa na majibu ya kila aina: ya akikana, ya akicheka, ya akidai hakumbuki. La kuombwa radhi hakuwa nalo. Akasikia kitu kinateremka kifuani taratibu, kama mzigo unaposhushwa na mtu mwingine.

"Yameisha, Mkuu," alisema. Na kwa bahati mbaya, alimaanisha.

Usiku ule alilala kama mtoto. Dada yake aliingiwa na wasiwasi, akaja kumsikiliza kama anapumua.

Ijumaa, chumba cha mtihani kilikuwa maabara ileile, ila imesuguliwa. Mtahini aliletwa kutoka nje, bwana mfupi mwenye saa ya kusimamisha, asiyemjua mtu. Mkuu alikaa kwenye kiti pembeni kama mwenyeji. Mkufunzi alisimama dirishani akila kucha zake nadhifu.

"Kila mmoja atengeneze slaidi mbili za bakteria hawa," alisema mtahini. "Ya pili ni ya akiba. Ukiitumia unapoteza alama tano. Dakika thelathini. Nitataka kuwaona kwenye hadubini na mniambie ni wa kundi gani. Hakuna kuongea."

Bi Daftari alipaka vioo viwili. Akavianika: uani, jua la utosi. Akapitisha motoni mara tatu: wajinga, wachochezi, wajinga. Akaweka kimoja kando, kingine akakimwagia zambarau, ga, ga, ga, dakika nzima. Maji ya sekretari.

Mkono ukaenda kwenye spiriti.

Aliidondosha akiwa na amani kabisa. Naibu akaingia na harufu yake, akanong'oneza. Na zambarau ikaanza kutoka. Ikatoka yote. Ilitiririka nyepesi, ikaiacha slaidi safi kama sahani ya harusini.

Hapo mikono yake ikashtuka kabla yake. Kwa miaka kumi na sita mikono ile ilikuwa imeosha slaidi za zambarau, na ilijua kitu ambacho hakimo kwenye kitabu cha mkufunzi: zambarau iliyopakwa sawasawa haitoki. Utaisugua kwa spiriti, utailoweka usiku kucha, utaitukana, na bado inabaki madoa. Hii imetoka kama vumbi. Hapa sipaki rangi, aliwaza. Hapa naosha.

Kuna kitu kimeruka. Akarudi mwanzo. Jua. Moto. Muhuri. Naibu. Kalamu. Tano. Kinyongo chake kilikuwa cha hatua sita, tangu lini kikawa cha hatua tano? Akapita tena. Baada ya muhuri alikuta mezani barua yao, na juu ya barua hapana kitu. Mahali pale palikuwa laini, pamefagiliwa, pana amani. Alipojaribu kukasirika pale, akamwona mzee mwenye kola pana.

Dakika kumi na mbili zimepita. Kando yake Kipara, uso umekunjwa kwa hasira ya kuazima, alikuwa anasuuza kitu kwa uhakika wa kutisha. Bi Daftari hakumtazama. Si kwa uaminifu. Aliona aibu kukiangalizia kinyongo chake mwenyewe kwa mtu mwingine.

Basi akarudi Jumatano. Akasimama tena ofisini kati ya maboksi, akasikiliza upya, safari hii bila moyo kuteremka. Nisamehe, mama. Kuweka kikombe juu ya jina la mtu haikuwa adabu.

Kikombe.

Haikuwa adabu, kikombe. Vipi kuhusu jua? Watu sita, saa nzima, mmoja wao mjamzito. Vipi kuhusu glavu? Vipi mwenzake aliyehamishwa, akaenda kuosha makohozi ya watu wengine kwa mikono ileile mitupu mpaka na yeye akaanza kukohoa? Mzee amepita juu ya yote hayo, amefungua faili, na alichoona kinahitaji radhi ni doa la chai. Kilichomuuma ni adabu. Ameiomba radhi karatasi.

Kikombe kikarudi mezani kwa kishindo, kimejaa, kahawia, moto kuliko siku ile.

Bi Daftari akachukua slaidi ya akiba, akapoteza alama tano bila kuzisikitikia. Zambarau, dakika moja, maji. Ayodini, na hii aliimwaga kwa mkono uliotulia kama jiwe, dakika moja, maji. Spiriti, sekunde chache: naibu alinong'ona alivyoweza, na matone ya mwisho yakatoka meupe, na zambarau ikabaki palepale. Maji. Safranini. Maji. Akakausha kwa karatasi bila kusugua, akatia tone la mafuta ya hadubini, akainama kwenye hadubini.

Walikuwepo. Wa duara, wameshikamana kama kichala cha zabibu, zambarau tupu.

"Wa duara, wameshika zambarau," alisema.

Mtahini akatazama, akaandika. Kisha akaokota ile slaidi ya kwanza, nyeupe, akaigeuza mwangani. "Na hii?"

"Hii niliruka ayodini."

"Ungeimalizia na safranini, ungeona nini?"

"Bakteria walewale, wekundu. Ningekwambia ni wa kundi lingine, na mgonjwa angepewa dawa isiyo yake."

"Kwa nini?"

"Ayodini ndiyo inayoshikisha. Inaungana na zambarau ndani ya bakteria, inakuwa donge, halitoki. Bila hiyo spiriti inafagia wote, wagumu na walaini."

Mtahini akaitikia kwa kichwa polepole, akionekana kuridhika. "Wengi hukariri mpangilio bila kujua sababu. Na wewe umejuaje kwamba umeruka? Wengine hawajui mpaka niwaambie."

"Ilitoka kirahisi mno. Mimi ndiye ninayeziosha."

"Na ukakumbukaje ni ipi?"

Bi Daftari alifuta mikono. Mkufunzi dirishani alikuwa anamwomba kwa macho aseme zimwi, aseme sabuni, aseme chochote. Lakini mtu amekuuliza swali la mtihani, unamjibu. Akamweleza mtahini yote sita, kuanzia uani. Hakupandisha sauti. Alipofika kwenye muhuri akasema "ga, ga, ga", na Kipara, ambaye alikuwa ameshamaliza, akaitikia kwa kichwa kama shahidi, ingawa siku ile hakuwepo. Alipofika kwenye kikombe hakumtazama Mkuu. Wengine wote walimtazama.

Mtahini akatazama karatasi yake ya alama, haikuwa na sehemu ya jambo kama hilo.

"Kwa hiyo hukunisamehe," alisema Mkuu kutoka kwenye kiti chake.

"Nilikusamehe, Mkuu. Jumatano, kwa moyo mmoja. Ndiyo maana nimeharibu slaidi ya kwanza."

Mtahini akakohoa, na kile kikohozi kilikuwa na kicheko ndani yake. Mkuu akainuka, akatoka, na watu wote wakadhani ameondoka. Akarudi na boksi la glavu, lile la ofisini, kifuniko kimefifia. Akaliweka pembeni ya sinki. Akatafuta neno, na Bi Daftari hakumsaidia kulipata.

Kipara alipata tisini na nane. Yeye hakuna aliyemwomba radhi. Bi Daftari alipata themanini na tisa, na kwenye seli kugawanyika alipata zote, pamoja na alama ya kuuliza ambayo mtahini aliichora kando ya anafase.

Jioni, wakiwa sinkini, alifungua lile boksi akavaa jozi ya kwanza. Mpira ulikuwa umezeeka miaka kumi na mitatu gizani. Ukapasuka kwenye dole gumba, kisha kote.

"Zimeoza," alisema Kipara, kwa huzuni.

"Hapana, ziache." Bi Daftari alikuwa ameanza kuhesabu kwa vidole vilivyotoka nje ya mpira, uso umechangamka. "Mwalimu amesema masomo yanaendelea, Jumatatu tunaanza hatua za damu kuganda. Ngapi zile?"

"Amesema nyingi sana."

"Vizuri," alisema. "Leta na hilo boksi."